Eabadi za mtumba: jinsi ya kujua betri ya upande upi imechoka kabla hujatoa hela

Mtu anakuja kibandani kwangu Mwananyamala, mimi ni fundi simu, ana eabadi alizonunua Kariakoo siku tatu nyuma, ananiambia braza hizi nilizijaribu pale pale, zikaimba vizuri, simu ikasoma 100 kushoto na 100 kulia, sasa mbona huu wa kulia unazima hata daladala haijafika Posta? Hii habari nimeisikia mara nyingi sana na inaniuma kwa sababu karibu kila mara dalili zilikuwepo tangu dukani, ila mnunuzi hakujua aangalie wapi. Naandika hapa vile ninavyozipima mimi.

Kwanza hiyo 100. Hiyo namba haisemi kama betri ni nzima, inasema betri imejaa, basi. Chukua ndoo ya lita 20 ambayo saruji imegandia chini mpaka nusu, ukiijaza maji mpaka ukingoni imejaa kweli, hakuna aliyekudanganya, ila maji yaliyomo ni lita 10. Betri iliyochoka ndo iko hivyo. Na kwa simu angalau baadhi zinakuonyesha afya ya betri kwenye setingi, lakini ya eabadi haionekani, aifoni haikuonyeshi afya ya betri za AirPods na apu ya Samsung nayo inakupa chaji iliyopo tu. Kwa hiyo afya yake lazima uitafute mwenyewe kwa saa na masikio yako.

Na kwa nini eabadi zinachoka haraka kuliko simu? Udogo wa betri. Galaxy Buds2 kwa mfano kila kipande kina betri ya 61 mAh, wakati simu nyingi za sasa zina kama 5000 mAh. Mtu akisikiliza masaa manne matano kwa siku, kila siku anakuwa amemaliza betri nzima mara moja na kuijaza tena, na betri hizi za lithiamu kwa kawaida ukishafika mizunguko kati ya 300 na 500 zinaanza kubaki na kama asilimia 80 ya uwezo wake wa mwanzo. Hapo hesabu ni mwaka au mwaka na nusu tu. Ongeza na joto letu la Dar, ongeza ile tabia ya kesi kuzijaza mpaka 100 kila zinaporudishwa, betri ya lithiamu haipendi kukaa imejaa huku ina joto, sasa kesi iliyoachwa kwenye dashibodi ya gari juani inazipa vyote viwili kwa wakati mmoja.

Ila jambo ambalo ningependa ulishike zaidi ni hili, vipande viwili havichoki sawa. Dereva wa boda anavaa kimoja tu siku nzima ili apokee simu huku anasikia barabara. Dada wa dukani anavaa kimoja ili amsikie mteja. Mwaka ukiisha kimoja kimezeeka na kingine bado kiko vizuri, halafu zinauzwa kama pea. Na zipo ambazo hata hazikuzaliwa pamoja, mtu alipoteza cha kushoto akanunua kingine cha mtumba akaunganisha. Ndo maana mimi sipimi "eabadi", napima kushoto, napima kulia, halafu nalinganisha.

Unazijaribuje pale dukani

Muuzaji au winga atakuwekea wimbo dakika mbili, akupe uvae, akuulize vipi bosi si unasikia besi? Dakika mbili hazikuonyeshi kitu, hata betri iliyochoka nusu inaimba dakika mbili. Wewe omba dakika arobaini na tano. Najua inaonekana ni nyingi, ila mwambie unakaa hapo hapo nje mbele ya macho yake, au muachie kitambulisho au hela kidogo ya amana, uende kunywa chai kibanda cha jirani. Anayejua mzigo wake ni mzima mara nyingi hana shida na hilo, na akikataa kabisa basi bei iwe bei ya kitu ambacho hakijapimwa.

Unganisha kwenye simu yako, usitumie yake. Kama ni za Samsung weka apu ya Galaxy Wearable kwenye Android yako, inakuonyesha L na R kila kimoja na asilimia yake pale zinapotofautiana. AirPods kwenye aifoni utaona ukizisogeza karibu kesi ikiwa wazi, au kwenye widget ya betri. Kuna aina nyingine za bei nafuu ambazo namba inashuka kwa kumi kumi, 100 halafu 90 halafu 80, hizo unazipima vilevile ila inabidi uvumilie muda mrefu zaidi ili upate jibu la maana.

Sasa zitoe zote mbili kwenye kesi, washa kizuia kelele kama zinacho, weka sauti nusu, cheza muziki mfululizo na kesi iache mezani imefungwa. Usivirudishe hata kidogo, maana kesi ndo inayoficha ugonjwa. Mtu anakuapia kabisa kwamba "zinakaa siku nzima" na hadanganyi, ila kila nusu saa alikuwa anazirudisha zikajazwa. Halafu usianze kuhesabu dakika tangu ikiwa 100, kwa sababu nyingi zinaganda kwenye 100 muda mrefu kidogo ndo zinaanza kushuka, subiri itoke hapo, andika saa, endelea.

Ukishapata dakika na asilimia, gawanya. Unahitaji kujua mtengenezaji alisema zinakaa muda gani zikiwa mpya. Galaxy Buds2 ni kama masaa matano kizuia kelele kikiwa kimewashwa. AirPods Pro za kwanza, zile za 2019, masaa manne na nusu, na AirPods Pro za pili za 2022 masaa sita. Masaa matano ni dakika 300, kwa hiyo kila asilimia moja inapaswa ikae kama dakika tatu.

Mfano wa juzi

Mdogo wangu alitaka Galaxy Buds2, akaambiwa elfu sabini, winga anamwambia ni rifabishi, zimetoka nje, boksi lipo, raba za masikio mpya. Akanipigia nikaenda naye. Aina hii ilitoka 2021, kwa hiyo nilishajua hata kama hazikutumiwa sana betri ina umri wake, maana betri inazeeka hata ikikaa kabatini.

Muuzaji mwenyewe, kaka mmoja mstaarabu, alikubali tukae. Zilipotoka tu kwenye 100 tukaanza kuhesabu, ilikuwa saa saba na dakika tano mchana na zote zilisoma 99. Saa saba na dakika hamsini, yaani dakika 45 baadaye, kushoto ilisoma 81, kulia ilisoma 63.

Kushoto imeshuka 18 kwa dakika 45, kila asilimia dakika mbili na nusu, ukizidisha kwa 100 unapata dakika 250, masaa manne na dakika kumi hivi. Kwa kitu cha umri ule ni sawa kabisa. Kulia imeshuka 36, kila asilimia dakika moja na robo, jumla dakika 125, masaa mawili na ushee. Chini ya nusu ya zilivyokuwa mpya. Na wakati huo sauti zote zilikuwa safi, besi ipo, hakuna mkwaruzo, mtu wa kawaida angelipa akaondoka.

Tofauti kidogo kati ya pande mbili isikutishe, kimoja kinaweza kuwa kinafanya kazi ya maiki zaidi ya kingine, mimi nikiona tofauti ya asilimia tano mpaka nane baada ya dakika 45 naipuuza. Ikishakuwa kimoja kinashuka karibu mara mbili ya mwenzake, hapo hakuna maelezo mengine ya kumsaidia muuzaji.

Tukaenda hatua ya pili ambayo ndiyo naiamini zaidi, simu. Kuongea na simu kunakula betri kuliko muziki kwa sababu maiki zinafanya kazi na blututi inatuma na kupokea kwa pamoja, hata mtengenezaji mwenyewe anakuandikia masaa machache zaidi kwa maongezi kuliko kwa muziki. Nilimpigia mdogo wangu Wasapu akiwa amesimama pembeni, tukaongea tu. Dakika kumi na moja hivi upande wa kulia ukatoa ule mlio wa kuzima, kimya. Simu mara ya mwisho ilikuwa imesoma 41.

Mtu atashangaa inazimaje na 41 imo. Betri iliyochoka haipungui ujazo tu, inakuwa pia na ukinzani mkubwa ndani, yaani umeme unatoka kwa tabu, ukiidai kidogo kidogo inatoa, ukiidai mwingi kwa mara moja volti inaporomoka, na saketi ikiona volti imeshuka chini ya kiwango inajizima kujilinda. Mzigo ukiondoka volti inapanda tena. Ndiyo maana nilipokirudisha kwenye kesi papo hapo kikasoma 38, si 0, si 1. Kipande kilichozima halafu sekunde hiyo hiyo kinakuambia kina 38, huo ndo ushahidi wenyewe.

Nikamuonyesha yule kaka kwenye simu, hakubisha. Nikamuuliza hii rifabishi ilibadilishwa nini hasa, akasema yeye anaziletewa hivyo hivyo. Hilo swali uliulize kila mara, kilichobadilishwa ni nini, kwa sababu kiwandani au kwa fundi wa kweli rifabishi inaweza kumaanisha betri mpya, ila huku kwetu mara nyingi ni boksi, raba na kufutwa vizuri. Alikuwa na pea nyingine ya aina hiyo hiyo bila boksi, tukaipima nayo, kushoto 83 kulia 80 baada ya dakika 45, simu dakika kumi na tano hakuna kilichozima. Dogo akachukua hiyo kwa elfu hamsini na tano. Ya boksi ikabaki pale.

Kama huna dakika 45

Ipo njia fupi, si sahihi sana ila inasaidia. Angalia namna inavyojaa. Zikiwa zimeshuka mpaka 20 au 30 zirudishe kwenye kesi halafu fungua kila baada ya dakika tano uone. Ndoo yenye saruji inajaa haraka, kwa hiyo kipande kinachokimbia kutoka 20 mpaka 100 wakati mwenzake ndo kwanza yuko 60, wengi wanakisifia kwamba kinachaji fasta, kumbe hakina nafasi ya kuweka chaji. Ukikuta zote ziko 100 na muuzaji hataki zishuke, nenda moja kwa moja kwenye ile ya kupiga simu, sauti juu, kizuia kelele kimewashwa, dakika kumi na tano.

Dalili zinazofanana na betri lakini siyo betri

Hapa ndo watu wanaacha mzigo mzuri au wanauziwa mbuzi kwenye gunia kwa kupewa sababu ya uongo.

Upande mmoja unakatika katika halafu unarudi wenyewe. Hiyo mara nyingi ni mawimbi. Blututi inatumia 2.4 GHz, sawa na waifai nyingi, na ukisimama katikati ya maduka ya Kariakoo kila mtu ana spika na rauta yake, sauti lazima igugumie. Toka, sogea sehemu yenye nafasi, weka simu mfuko wa kushoto halafu wa kulia. Kanuni yangu ni kwamba kilichokatika kikarudi bila kugusa kesi, hicho ni mawimbi, kilichotoa mlio wa kuzima na hakirudi mpaka kiingie kwenye kesi, hicho ni betri. Ikiendelea kukatika hata nje pakiwa peupe na simu iko mkononi, basi antena au saketi ina shida, achana nazo.

Upande mmoja unasikika kwa mbali. Muuzaji atasema "ni setingi tu". Washa tochi uangalie ule wavu mdogo, mara nyingi nta ya masikio imeziba. Wavu uliozibwa unasafishika, kwa hiyo mimi siukatai, naupunguzia bei. Ila angalia kwanza kwenye setingi za simu kama ile mizani ya kushoto na kulia iko katikati, isije ikawa simu yako mwenyewe.

Mkwaruzo, kama karatasi inasuguliwa, hasa ukiwa unaongea au ukiwa kwenye kelele. Kwa AirPods Pro za kwanza hili lina historia, Apple wenyewe walikiri kwamba baadhi ya zilizotengenezwa kabla ya Oktoba 2020 zina tatizo hilo na walikuwa wanazibadilisha bure, lakini muda wake ulikuwa miaka mitatu tangu zinunuliwe mpya, kwa hiyo usinunue kwa matumaini hayo leo. Kusafisha hakuliondoi.

Kipande kimoja hakichaji kabisa kwenye kesi. Usikimbilie kusema betri imekufa. Tazama vile vidoti vya shaba kwenye kipande na vile vipini ndani ya kesi, jasho letu na chumvi ya hewa ya pwani vinaweka ukungu wa kijani. Pamba ya masikio na spiriti kidogo, sugua taratibu, acha dakika tano ikauke, rudisha. Alama ya chaji ikitokea kwenye simu, subiri upime kama kawaida. Zile zilizokaa boksini miaka bila kuguswa nazo zinaweza kulala hivi, ziache kwenye chaji saa nzima ndo uzihukumu. Kama baada ya hapo bado kimya, au kinachaji tu ukikibonyeza kwa kidole, ni kesi au kipande kimeharibika.

Kipande kinapwaya au hakikai vizuri kwenye kesi na ukikiangalia kwa pembeni ule mshono wa plastiki umeachana. Hapo simama. Inaweza kuwa imewahi kufunguliwa, au betri imevimba. Usikibonyeze kifunge, usikipashe joto, usivae. Hii hata kwa bure mimi sichukui.

Na kuhusu wanaosema nunua tu fundi atabadili betri, inategemea. Zipo zenye betri ya duara kama kifungo, Galaxy Buds za kwanza kwa mfano zilitumia saizi ya 1254, hizo fundi mwenye mkono mtulivu anafungua na kubadili, ingawa zikishafunguliwa usizitegemee tena kwenye jasho na mvua. AirPods zimegundishwa kwa gundi, kuzifungua bila kuziharibu karibu haiwezekani, kwangu mimi AirPods yenye betri iliyochoka ni kitu cha kumaliza siku zake tu.

Kabla hujalipa

Kama ni AirPods fanya mambo mawili pale pale, kwenye aifoni yenye iOS 16 au zaidi. Ukiunganisha ikatokea `Cannot Verify AirPods`, ni feki, hata kama serial namba iliyoandikwa kwenye kesi inakubali mtandaoni, maana namba zinakopiwa. Pili, ikija meseji kwamba zimefungwa kwenye akaunti ya mtu mwingine, mwenye nazo lazima aziondoe kwenye `Find My` ya simu yake ukiwa unaona. Kuzirisiti kwa kubonyeza kitufe cha kesi sekunde 15 hakuondoi hilo, na kama hawezi kumpata mwenyewe basi huenda ziliokotwa au kuibwa. Ukiwa hapo kwenye setingi zake gusa `Serial Number`, itakuonyesha ya kushoto, ya kulia na ya kesi, ziandike, na ulinganishe na zilizochapwa kwenye vipande vyenyewe.

Kitu kimoja tu hakipimiki dukani, kesi yenyewe. Kwa hiyo kubaliana na muuzaji siku mbili za kurudisha, aandike kwenye risiti au akutumie kwa meseji. Usiku huo ijaze kesi, weka eabadi ndani zikiwa zimejaa, funga, usiguse mpaka asubuhi. Ikishuka asilimia chache ni kawaida. Ukiamka ukakuta imetoka 100 ikafika 60, kuna kipande hakigusi vizuri kwa hiyo kinaamka na kulala usiku kucha, au betri ya kesi inavujisha chaji, na kuijua ipi ni rahisi, usiku wa pili ilaze kesi tupu. Ikishuka tena hivyo hivyo bila kitu ndani, irudishe kesi.